Wafuasi wa Kununua Hutambuliwa kwa Tarehe, Si kwa Sura

Kaka, habari za majukumu. Nina duka la mapazia na mashuka Kariakoo, na wateja wangu wengi hunipata Instagram. Katikati ya Machi 2025 nilikuwa na wafuasi wapatao 2,900, nikamlipa kijana mmoja shilingi 95,000 kwa simu ili aniongezee 10,000. Aliniomba na neno la siri nikampa, akaniahidi kwamba wakipungua atawajaza bure kwa miezi mitatu. Ndani ya siku tatu walikuja kweli. Tangu hapo picha iliyokuwa ikipata laiki 170 inapata 30. Nilibusti tangazo kwa shilingi 60,000, nikaletewa meseji za watu wasiojua hata Kariakoo iko wapi. Nikifungua Account Status naambiwa akaunti yangu haiwezi kupendekezwa kwa watu wasionifuata, na siku hizi naona ninafuata watu nisiowajua. Tarehe 18 Aprili nilikesha nikaondoa wafuasi 300 kwa mkono. Kesho yake namba ikawa imerudi palepale. Sasa ninao 11,640. Je, niiache akaunti hii nifungue mpya, au inasafishika? Na nitamjuaje mteja wangu katikati ya watu hao?

Muuza mapazia, Kariakoo

---

Dada yangu, akaunti inasafishika, na sikushauri uiache. Ungekuwa na wafuasi halisi mia mbili ningekujibu kinyume, kwa sababu mia mbili unaweza kuwaandikia mmoja mmoja na kuwahamishia kwenye akaunti mpya ndani ya wiki moja. Wewe una takriban elfu tatu, oda zako za miaka kadhaa zimo inboksi, na ulivyonieleza tulipoandikiana, jina hilo la akaunti ndilo ulilolichapisha kwenye mifuko ya dukani. Hayo yote yana thamani kuliko usumbufu wa kusafisha. Ila kazi hii ina mpangilio wake, na ule usiku wa tarehe 18 Aprili uliianzia mwisho.

Hatua ya kwanza ni neno la siri, na haihusiani kabisa na idadi ya wafuasi. Muuzaji wa wafuasi hahitaji neno la siri ili kukuletea watu. Kiungo cha akaunti yako pekee kinamtosha, kwa kuwa akaunti yako iko wazi na yeyote anaweza kukufuata. Akikuomba neno la siri, ana matumizi mengine nalo: akaunti yako yenyewe inaingizwa kwenye kundi la akaunti zinazouzwa, inafuata watu na kupenda picha za wateja wake wengine bila wewe kujua. Ndiyo maana unaona unafuata usiowajua. Kwa maneno mengine, wewe ni mnunuzi na wakati huohuo ni bidhaa, na kila siku inayopita akaunti yako inaendelea kuvunja kanuni hata kama hujagusa simu.

Ingia Accounts Center, kwenye sehemu iliyoandikwa Password and security, ubadilishe neno la siri. Hapohapo fungua Where you're logged in, ambako utaona orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti yako pamoja na mahali vilipo, kisha uviondoe vyote isipokuwa simu uliyoishika. Washa pia uthibitishaji wa hatua mbili, na ukiweza utumie programu ya kuzalisha namba badala ya meseji ya kawaida. Mwisho wa hatua hii hakikisha kwamba barua pepe na namba ya simu zilizosajiliwa ni zako. Nimewahi kuona mtu aliyebadilisha neno la siri mara tatu na kila mara likabadilishwa tena, kumbe barua pepe ya akaunti ilikuwa imeshageuzwa kuwa ya muuzaji.

Hatua ya pili ni ile ahadi ya kujaza bure, ambayo kwa sasa ndiyo adui yako mkubwa. Vijana wengi wanaouza wafuasi kwenye WhatsApp hapa mjini hawana wafuasi wao wenyewe; wananunua kutoka kwenye mitambo ya mtandaoni inayouza huduma hizo kwa jumla, na mitambo hiyo huuza oda zenye dhamana ya kujaza. Idadi ikishuka chini ya ile iliyouzwa, oda hujazwa tena, ama mtambo ukifanya hivyo wenyewe au kijana akibonyeza kitufe. Mtambo hauwezi kujua kwamba umewaondoa kwa makusudi. Unachoona ni pengo tu. Ulipoondoa 300, ulitengeneza pengo la 300, nalo likazibwa. Kubadilisha neno la siri hakuzuii jambo hilo, kwa sababu kujaza hakupitii kwenye neno la siri.

Mwandikie kijana huyo ujumbe mfupi kwamba hutaki kujaziwa tena na kwamba aifute oda. Usimdai fedha zako katika ujumbe huohuo, maana ukianza na ugomvi hatakujibu, na unachohitaji kwake kwa sasa ni kufutwa kwa oda peke yake. Asipojibu, ipo njia nyingine. Oda za namna hii hufungwa kwenye jina la akaunti kama lilivyokuwa siku ya kununua, na ndiyo sababu wauzaji huwakataza wateja kubadilisha jina. Ukiongeza hata nukta moja kwenye jina, mtambo hauikuti akaunti na kujaza kunakwama. Kwa kawaida Instagram hukuruhusu kurudia jina lako la zamani ndani ya siku 14, lakini kwa kuwa limechapishwa kwenye mifuko yako, nisingependa ukae nje yake kwa muda mrefu, na njia hii ningeiacha iwe ya mwisho. Kama muuzaji hapatikani kabisa, unaweza pia kungoja ile miezi mitatu iishe katikati ya Juni kabla ya kuanza kuondoa watu, huku ukiendelea na hatua nyingine.

Sasa nije kwenye swali lako la msingi, la kumtambua mteja katikati ya umati. Watu wengi hushauri kuangalia sura ya akaunti: haina picha, haina chapisho hata moja, jina lake ni herufi na tarakimu zilizochanganyika, inafuata watu maelfu huku yenyewe ikifuatwa na wachache. Dalili hizo ni za kweli. Akaunti inayofuata watu karibu 7,500, ambao ndio ukomo uliowekwa na Instagram, si ya mtu anayetafuta pazia la sebuleni. Hata hivyo, kwa biashara kama yako dalili hizo peke yake zina hatari. Wewe na mimi tunawajua wateja wa Dar es Salaam: mama wa Mbagala mwenye akaunti isiyo na picha, hajawahi kuchapisha kitu, ameifunga ili jamaa wasimwone, na jina lake limeishia na mwaka aliozaliwa. Huyo hupitia maduka kimyakimya usiku, na siku akiwa na fedha anakuandikia akitaka mapazia ya vyumba vitatu. Kwa sura anafanana kabisa na boti, yaani akaunti bandia inayoendeshwa na mashine, na ukisafisha kwa sura utamwondoa.

Kinachowatenganisha ni tarehe. Mteja wa kweli huja siku yake, mmoja leo, watano kesho, kumi siku uliyochapisha kitu kizuri. Wafuasi wa kununua huja kama abiria wa treni moja. Orodha ya wafuasi unayoiona ndani ya simu haikuonyeshi nani alikufuata lini, lakini Instagram inayo kumbukumbu hiyo na itakupa ukiiomba. Kwenye Accounts Center fungua Your information and permissions, kisha uchague kupakua taarifa zako. Menyu hii imewahi kubadilishwa jina, kwa hiyo utafute neno Download au Export. Usiombe taarifa zote, kwa sababu faili litakuwa zito na picha zako zote zitakuja nalo. Chagua sehemu moja tu, Followers and following. Kwenye kipindi uchague All time, na kwenye aina ya faili uchague HTML. Hapo kwenye kipindi ndipo wengi hukosea, kwani wakiacha kipindi kifupi kilichowekwa tayari, wateja wa zamani hawamo kwenye faili na hesabu inakataa. Subiri taarifa kwamba faili liko tayari, kisha ulipakue. Ndani yake utakuta ukurasa unaoitwa `followers_1.html`, na kama kuna wa pili na wa tatu ufungue yote.

Kazi hii ni nyepesi zaidi kwenye kompyuta. Kama utaifanyia stationari, usiondoke kabla hujafuta faili na kutoka kwenye akaunti, kwa sababu orodha ya wateja wako wote itakuwa imebaki kwenye mashine ya watu.

Kila mstari wa ukurasa huo una jina la mfuasi, na chini yake tarehe na saa aliyokufuata. Bonyeza `Ctrl+F`, uandike tarehe kama ilivyoandikwa humo, kwa mfano `Mar 14, 2025`, na kivinjari kitakuhesabia ni mara ngapi tarehe hiyo imetokea. Huhitaji utaalamu mwingine.

Ulipokubali kunitumia faili lako kabla sijakuandikia jibu hili, nilifanya hivyohivyo. Nilianza na siku za kawaida za Januari na Februari ili nijue mapigo ya duka lako: siku nyingi zina wafuasi wapya watatu hadi wanane, na siku moja ina 21, nadhani ulichapisha mashuka ya ofa. Tarehe 14 Machi ina 3,904. Tarehe 15 ina 3,212, tarehe 16 ina 846, na tarehe 17 mapigo yanarudi kuwa sita. Kisha kuna vilima viwili vidogo ambavyo hukuvitaja kwa tarehe zake: 318 walioingia tarehe 2 Aprili, ambao bila shaka ni mjazo wa kwanza baada ya baadhi ya wale wa Machi kupotea, na 310 walioingia tarehe 19 Aprili, asubuhi ya baada ya mkesha wako. Ukijumlisha siku hizo tano unapata 8,590. Ukiwatoa kwenye 11,640 wanabaki 3,050, ambao ndio hadhira yako ya kweli, na kwa hesabu hiyo duka lako limeendelea kupata wateja wapya mwezi Machi na Aprili licha ya yote.

Kwa hiyo hukabiliwi na watu 11,640 wa kuchunguza. Unakabiliwa na siku tano, na ndani ya siku hizo tano, kwa mapigo yako ya kawaida, wateja halisi hawazidi ishirini na tano au thelathini. Hao ndio wa kuchunguzwa kwa sura. Wale 3,050 wengine usiwaguse hata kama akaunti zao zina mwonekano wa ajabu.

Kabla hujaanza kuondoa mtu, fungua inboksi na daftari lako la oda, uandike majina ya waliokuandikia au kununua kati ya tarehe 14 na 16 Machi, tarehe 2 Aprili na tarehe 19 Aprili. Majina hayo yaweke pembeni, yasiguswe. Kwa waliobaki, mwenye jina la Kiswahili au anayefuatana na watu mnaofahamiana mwache. Shaka ikikushika, mwache pia. Boti thelathini zilizosalia hazina madhara, lakini mteja mmoja aliyefukuzwa ana hasara yake.

Kuhusu kuondoa kwenyewe, baadhi ya akaunti sasa huonyeshwa, juu ya orodha ya wafuasi ndani ya programu, kundi ambalo Instagram yenyewe inalishuku kuwa ni taka, pamoja na kitufe cha kuliondoa kwa mkupuo. Kama kwako lipo, anzia hapo, ila ulipitie kwanza kwa macho ukiwa na yale majina yako ya pembeni, kwa kuwa mama wa Mbagala anaweza kuwa ametupwa humo. Waliobaki utawaondoa kutokea kwenye faili: bonyeza jina, ukurasa wake utafunguka, gusa nukta tatu, kisha uchague Remove follower. Hapewi taarifa yoyote. Majina mengine yatakuletea ukurasa usemao kwamba haupatikani, maana yake akaunti hiyo imeshafutwa au imebadilishwa jina, nawe endelea na inayofuata.

Usiende mbio. Instagram haijatangaza ni wangapi unaweza kuwaondoa kwa siku, na kikomo hakilingani kwa kila akaunti, lakini akaunti ambayo tayari ina alama mbaya ikifanya tendo lilelile mamia ya mara kwa saa moja inafanana na mashine. Mimi huwashauri watu wasivuke 150 kwa siku, wakigawa mara mbili au tatu. Kwa kasi hiyo utatumia kama nusu saa kila siku, na watu 8,590 watakuchukua karibu miezi miwili, pungufu kidogo ikiwa lile kundi la mkupuo litakusaidia. Ukiona ujumbe wa `Try Again Later`, acha papo hapo, usiguse tena kwa siku mbili, na ukirudi upunguze nusu. Katika muda huohuo uwaache kuwafuata wale usiowajua, kwa kasi ndogo vilevile. Faili la `following.html` lililokuja pamoja na lile la wafuasi lina tarehe pia, na utawaona wamejipanga kuanzia siku uliyotoa neno la siri.

Najua miezi miwili ni mingi, na kuna atakayekuambia kwamba kuna programu ya kuwafyeka wote kwa usiku mmoja. Programu hizo huomba neno la siri, na kwa namna zinavyofanya kazi hazina tofauti na zile zilizokuletea watu. Mwaka 2018 Instagram ilitangaza kwamba inaondoa laiki, wafuasi na maoni bandia yanayotokana na programu za nje za kukuza umaarufu, na kwamba wenye akaunti zilizotumia programu hizo watapewa taarifa na kutakiwa kubadilisha neno la siri. Ukiiingiza nyingine sasa, utakuwa umeanza upya.

Mwingine atakuambia usifanye chochote, kwani Instagram itawafuta yenyewe. Huyo hajakosea kabisa. Desemba 2014 ilifanya ufagio mkubwa uliowapunguzia watu maarufu wafuasi kwa mamilioni, na hata akaunti ya Instagram yenyewe ilipungukiwa na takriban milioni 18.9. Lakini huwezi kupanga biashara kwa kungoja ufagio usiojua unapita lini, na kwako kungoja kuna gharama nyingine mbili.

Gharama ya kwanza ni ile alama ya Account Status. Miongozo ya mapendekezo ya Instagram inataja wazi kuwa akaunti ambazo mara kwa mara zimetumia njia za kupotosha ili kujikuza, kama vile kununua laiki, hazipendekezwi. Kutopendekezwa maana yake ni kwamba picha zako hazipelekwi kwenye ukurasa wa kutafutia wala kwenye Reels za watu wasiokufuata. Bila shaka sehemu ya zile laiki 170 za zamani ilitoka kwa watu wa namna hiyo. Nazo zilizosalia, unazigawa kwa umati usiotazama: zamani watu sita katika kila mia ya wafuasi wako walipenda picha, sasa hawafiki watatu katika kila elfu. Mkuu wa Instagram, Adam Mosseri, alieleza Januari 2025 kwamba vipimo vinavyotazamwa zaidi ni muda wa kutazama, laiki, na watu kutumiana chapisho, na boti hazifanyi hata kimoja. Mteja naye anaona. Mtu wa Mwanza anayefikiria kukutumia fedha ili umpakilie mapazia kwenye basi, akikuta wafuasi elfu kumi na moja na laiki 30, mawazo yake yanakwenda kwenye utapeli moja kwa moja.

Kama ndani ya Account Status umepewa kitufe cha kuomba uamuzi utazamwe upya, usikibonyeze leo. Kibonyeze baada ya kubadilisha neno la siri, kufuta oda ya kujaza, na kuondoa angalau vile vilima viwili vya Aprili, ambavyo ndivyo vinavyoonyesha kwamba jambo linaendelea. Pakiwepo nafasi ya kuandika, sema ukweli kwa sentensi mbili: ulinunua wafuasi Machi, umesitisha, umebadilisha neno la siri na unawaondoa. Kudai kwamba hujui walikotoka hakusaidii, kwa sababu tarehe ulizoziona wewe wanaziona na wao. Ombi likikataliwa usilirudie kila siku. Siwezi kukuahidi kwamba kizuizi kitaondoka tarehe fulani, na atakayekuahidi hivyo kwa malipo mkimbie.

Gharama ya pili ni matangazo, na hapa ndipo zilipokwendea shilingi 60,000 zako. Unapobusti chapisho na kuacha hadhira kwenye Automatic, Instagram hutafuta watu wanaofanana na wafuasi wako. Wafuasi wako kwa wingi wao ni boti na akaunti za nchi za mbali, kwa hiyo ilitii agizo na kukuletea watu wanaofanana nao. Mpaka umalize kusafisha, usitumie hadhira hiyo kamwe. Tengeneza yako mwenyewe, uweke eneo la Dar es Salaam na umri wa wanunuzi wako. Kama una mtu anayejua Ads Manager, akutengenezee hadhira ya watu waliowahi kuutumia ukurasa wako meseji. Kwa duka lako kundi hilo lina thamani kuliko wafuasi, kwa kuwa boti za aina hii huongeza namba na kukaa kimya, wakati anayeuliza bei ya pazia la mita tatu kwa kawaida ana dirisha la mita tatu.

Utajuaje kwamba kazi inaenda? Usitazame idadi ya wafuasi, kwa sababu itashuka na itakuumiza roho. Tazama Insights, sehemu mbili tu. Ya kwanza ni miji ya wafuasi wako: katika picha ya skrini uliyonitumia, Dar es Salaam iko nafasi ya nne, nyuma ya miji ambayo hujawahi kuitumia hata foronya moja. Inapaswa kupanda wiki hadi wiki mpaka iwe ya kwanza kwa mbali, ikifuatwa na mikoa unayopakilia mizigo. Ya pili ni mgawanyo wa waliotazama machapisho yako kati ya wanaokufuata na wasiokufuata. Fungu la wasiokufuata likianza kukua bila wewe kulipia tangazo, kizuizi kimelegea, hata kama hujapata taarifa yoyote.

Baada ya wiki tatu omba faili jipya, lenye kipindi cha All time tena, na utafute zile tarehe tano. Ukikuta kilima kipya kwenye tarehe ya karibuni, oda ya kujaza bado iko hai, nawe usimame kuondoa watu mpaka ifutwe, la sivyo utakuwa unafagia huku mtu anamwaga mchanga. Wale wanaorudi kwa majina yaleyale wazuie kabisa kwa Block, maana Remove haimkatazi mtu kukufuata tena. Na ikitokea mteja akuandikie kwamba haoni tena mapazia yako, mwombe radhi, umwambie akufuate upya, kisha uandike jina lake kwenye ile orodha ya pembeni kabla hujaendelea na kundi la siku inayofuata.